Pasi Isiyo na Waya

Hebu mwone kwanza anavyoingia. Ni saa nne asubuhi, geti la wachezaji, siku isiyo ya mechi. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu cha mpira. Mkono mmoja ameshika rundo la funguo, mkono wa pili kikapu kilichomvuta bega likainama upande. Mlinzi hamuulizi kitambulisho. Anamuuliza tu, “Kumekucha salama, Mama Kola?” Naye anamjibu jibu lake la miaka yote: “Kumenyooka.”

Ndani ya kikapu mna pasi ya mkaa. Imetoka kwa fundi kubadilishwa mshikio, maana ule wa zamani uliliwa na moto hadi ukabaki kama kipande cha biskuti.

Mama Kola ndiye mtunza vifaa wa klabu. Jezi zote, soksi zote, mipira, vizibao vya mazoezi, vyote viko chini ya funguo zile. Jina lenyewe alipewa na wachezaji, kwa sababu husimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mechi na kumkagua kila mmoja kola. Iliyopinda haipiti. Kuna mshambuliaji mmoja alinunuliwa kwa mbwembwe, akaja na kola ameisimamisha kama mkia wa jogoo. Mama akamwambia, “Baba, huku nje hakuna upepo wa kukufanya ukinge shingo. Ilaze.” Akailaza. Siku hiyo alifunga mabao mawili, na tangu hapo akawa anakuja mwenyewe kukaguliwa.

Sasa, ili unielewe vizuri, lazima nikwambie hii klabu ilitoka wapi. Ilianzishwa na madobi. Watu wa kufua na kupiga pasi, waliokuwa na vibanda vyao nyuma ya uwanja, enzi uwanja wenyewe ni vumbi na magoli ya miti. Jezi zao za kwanza zilikuwa mashati ambayo wateja waliyaleta kufuliwa wasirudi kuyachukua. Walisubiri mwaka mzima, wakaona basi, wakayatumbukiza yote kwenye pipa moja la bluu ya kufulia. Yakatoka kila moja na bluu yake, lakini bluu. Kifuani kushoto wakashona pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo cha chuma mbele kinachofunga mfuniko. Aliyeishona alikuwa dobi mmoja mwenye mikono mikubwa na kushona kubaya. Dobi huyo ndiye baba yake Mama Kola. Pasi iliyomo kikapuni ni yake.

Na mechi ya kwanza ya nyumbani kila msimu, kabla mageti hayajafunguliwa, huwekwa meza pale nje ya geti la magharibi. Mkaa unawashwa. Nahodha anavua jezi yake mpya, inapigwa pasi mbele ya watu. Halafu mashabiki wanapanga foleni na jezi zao, mpya na za zamani, za dukani na za barabarani, kila mmoja anapata mpigo mmoja. Wanauita Mnyoosho. Jezi za siku hizi ni za nailoni, ukiziwekea mkaa hivihivi zinajikunja kama plastiki ya mkate kwenye jiko. Kwa hiyo Mama hutandika kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, anapitisha pasi mara moja, upesi, anainua. Kwa miaka ishirini na sita hajaunguza hata moja. Basi ukikuta uwanja mzima unaimba “Tunanyoosha!” usidhani ni maneno ya juzi.

Tuendelee. Aliingia chumba cha vifaa akamkuta binti yake amekaa juu ya kreti la maji, boksi limefunguliwa miguuni.

Binti huyu ndiye msimamizi wa duka la klabu. Amesomea biashara, anajua kuuza, na nisimpunje: kabla yake duka lilikuwa kabati lenye skafu mbili na panya mmoja. Yeye ndiye aliyeleta jezi za watoto, kofia, vikombe, na oda za simu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa kama umefiwa?”

“Sampuli zimefika.”

Mama akaweka kikapu chini, akavaa miwani. Akainua jezi ya nyumbani. Bluu ilikuwa nzuri, bluu hasa. Katikati ya kifua palikuwa na boksi la rangi ya chungwa lenye jina la mdhamini mpya, kampuni ya vifaa vya umeme vya majumbani: feni, jiko, birika, pasi. Hilo Mama alilitegemea. Kila klabu ina mdhamini kifuani, na mishahara haiokotwi. Kisha jicho lake likahamia kushoto.

Pasi ilikuwepo. Ila jogoo ameondolewa, mwili umelainishwa kama samaki, na kwa nyuma umechomoza waya. Waya huo ulizunguka chini ya nembo, ukatambaa kwa madaha katikati ya kifua, ukaingia kwenye boksi la chungwa. Plagi kabisa.

Mama akaufuata waya kwa kidole hadi kwenye plagi. Kisha akauliza kwa upole, “Hii inachomekwa wapi?”

“Mama, usianze.”

“Nauliza tu. Mchezaji akikimbia, waya unamfuata au unabaki?”

“Ni sehemu ya mkataba. Miaka mitatu, Mama. Na basi jipya. Wanasema nembo haibadilishwi, inasasishwa tu.”

“Aliyeisasisha amewahi kupiga pasi?”

 Binti akarukia kazi iliyokuwa imemleta: sampuli zipelekwe ofisi ya ligi kabla ya mwisho wa mwezi. Kule wanapima kwa rula ukubwa wa tangazo la mdhamini, wanaangalia nafasi ya beji ya ligi kwenye mkono wa kulia, wanaangalia kama namba zinasomeka; wakishapitisha, hubadilishi tena msimu mzima bila kibali. Zile nembo mpya zilikuja kwenye karatasi, zibandikwe kwa mashine ya joto kwenye seti kamili, ili timu ipigwe picha.

Na mashine ya joto anaijua Mama peke yake. Inataka nyuzi joto mia moja thelathini, sekunde kumi na mbili, usizidishe, maana kile kitambaa cha bluu ukikipa moto mwingi rangi yake inapanda juu, na namba nyeupe inageuka kama maziwa yaliyotiwa wino. Wengine walijaribu. Kuna msimu golikipa alicheza mechi tano na namba ya rangi isiyojulikana.

Mama aliichukua ile karatasi ya nembo, akaihesabu, akairudisha kwenye boksi. Akafunga boksi.

“Namba nitabandika. Majina nitabandika. Boksi la chungwa nitalibandika na nitalinyoosha vizuri. Waya, hapana.”

“Mama, ni kazi yako!”

“Ndiyo maana naikataa mimi. Ingekuwa kazi ya mtu mwingine ningenyamaza.”

Mchana huohuo akaitwa ofisini kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Ni mwenye duka la vipuri, aliyewahi kulilipia basi la timu gurudumu la akiba kwa mfuko wake. Basi lenyewe mlango wake unafungwa kwa mkanda wa suruali. Alimkaribisha Mama kiti, akamwekea na soda.

“Mama yangu, mimi na wewe tumetoka mbali. Wachezaji wanasafiri saa tisa wamekunja magoti hadi kidevuni. Mimi nimepata mtu wa kutununulia basi, wewe unaniletea habari ya jogoo?”

“Jogoo na waya, Mwenyekiti. Vitu viwili.”

“Ni mchoro!”

“Basi kama ni mchoro tu, waambie wauache.”

Mwenyekiti akajifuta uso. “Funguo za chumba cha vifaa ni mali ya klabu, unajua hilo.”

Mama akazitoa, rundo zima, akaziweka mezani taratibu pembeni ya soda. “Ni kweli. Na hiki ni changu.” Akatoa kwenye sidiria kijitabu kilichochakaa cha uanachama, chenye katiba ya klabu kwa nyuma, akakifungua ukurasa uliokunjwa. Jina, rangi na nembo ya klabu havitabadilishwa ila kwa theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria mkutano mkuu. “Imeandikwa na watu waliokuwa wanafua nguo za wenye shule,” akasema. “Lakini inasomeka.”

Hakuinywa ile soda. Funguo Mwenyekiti hakuzigusa. Jioni mlinzi alimfuata nazo nyumbani, akasema ameambiwa azirudishe, hakuna anayejua ipi ni ya kabati gani.

Hata hivyo mambo hayakusimama. Mwenyekiti alimwagiza binti aweke picha ya jezi mpya kwenye ukurasa wa duka, watu waanze kuagiza. Binti akaiweka asubuhi. Kufika adhuhuri mtu alikuwa ameshafunga waya mrefu wa plagi kwenye geti la magharibi, na kibao: SAMAHANI, TIMU INACHAJIWA. Kiongozi wa mashabiki, jamaa mwenye kifua kama ngoma wanayemwita Tarumbeta, alifika mazoezini na watu wake arobaini, wakasimama nyuma ya goli wakiimba maneno mawili tu, bila kupumzika, hadi kocha akaomba msamaha kwa kitu asichokifanya: “Haina waya! Haina waya!”

Wanachama wakakusanya saini za kuitisha mkutano mkuu maalumu. Zilitimia kwa siku nne.

Nyumbani, mama na binti walikuwa wanaongea kupitia sufuria. Huyu akitua chombo kwa kishindo, yule anajibu kwa mfuniko.

“Unafikiri napenda ule waya?” binti akasema mwishowe. “Mimi nauza jezi, Mama. Mdhamini akiondoka hakuna hela ya kutengenezesha jezi. Bila jezi hakuna duka. Bila duka mimi ni nani pale?”

“Ni mtoto wa mjukuu wa bluu,” Mama akajibu, mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na binti akacheka bila kutaka. Lakini hawakupatana.

Kilichombadilisha binti hakikuwa maneno ya mama yake. Ilikuwa oda. Kwa siku sita ukurasa wa duka ulileta oda kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilikuwa za wafanyakazi wa mdhamini. Siku ya saba akaamua kutembea mwenyewe hadi kwa wachuuzi wa jezi feki, wanaotandaza bidhaa kwenye ukuta wa nje wa uwanja. Watu hawa amepigana nao miaka. Aliwakuta wamejaa wateja.

Mchuuzi mmoja mwenye kofia ya sufu alimnyooshea jezi. Kitambaa chepesi, mshono umepinda. Lakini kifuani palikuwa na pasi ya mkaa na jogoo wake, tena amechorwa kwa uangalifu hadi kishungi.

“Chukua hii, dada. Hii ndiyo ya kweli.”

“Ya kweli?” binti akauliza.

“Ee. Ile feki ni ya dukani kwao. Ina waya.”

Binti alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Kisha akainunua. Mchuuzi akampunguzia bei, akamwambia, “Unafanana na mtu fulani, sijui nani.”

Jumapili ukumbi wa klabu ulijaa hadi dirishani. Mbele alikaa Mwenyekiti, na pembeni yake mwakilishi wa mdhamini, bwana nadhifu aliyevaa tai ya rangi ya chungwa. Kabla hajakaa vizuri ukumbi ulikuwa umeshambatiza Bwana Tai. Alizungumza vizuri, tena kwa heshima. Alisema kampuni yake inaipenda klabu. Alisema dunia inakwenda mbele, na mtoto wa leo hajawahi kuiona pasi ya mkaa, sasa ataipendaje nembo asiyoijua?

Mama Kola akanyoosha mkono. “Mwanangu, ile timu ya ng'ambo ya barabara ina chui kifuani. Mtoto gani wa leo amelala na chui?”

Ukumbi ukavunjika mbavu. Tarumbeta alipiga meza hadi glasi ikaanguka.

“Lakini Mama,” Bwana Tai akasema, naye akitabasamu, “pasi ya umeme ni pasi vilevile.”

“Kabisa. Hata mimi ninayo nyumbani, inapiga vizuri. Niuzie nyingine kesho nitanunua. Lakini hiyo haikuanzisha timu.”

Hapo ndipo binti yake aliposimama. Mama hakujua kama atasimama. Alipomwona anaelekea mbele na mfuko wa plastiki, alivua miwani, kama mtu asiyetaka kuona vizuri.

Binti alitandaza jezi mbili mezani. “Hii ni yetu, halali, kutoka kiwandani. Hii ni feki, nimeinunua ukutani Alhamisi. Mwakilishi, naomba uwaulize hawa watu ipi ni jezi ya klabu.”

Hakuhitaji kuuliza. Mikono yote ilionyesha upande mmoja.

“Miaka sita nimekuwa nikiwaambia mashabiki wasinunue feki,” akaendelea. “Nembo ya pasi na jogoo imesajiliwa kwa jina la klabu, ndiyo silaha pekee niliyo nayo mbele ya wale wachuuzi. Tukiiacha sisi, wataiokota wao. Wao watauza ya kweli, sisi tutauza bandia, na jina lako, mwakilishi, litakuwa juu ya hiyo bandia. Sisemi hivi kwa sababu yule pale ni mama yangu. Nyumbani hatuongei.”

“Tunaongea!” Mama akadakia kutoka nyuma. “Kidogo.”

Wakapiga kura kwa mikono. Waliotaka waya walikuwa saba, na mmoja wao alisema baadaye alikuwa anajikuna.

Bwana Tai alitoka nje na simu yake, akakaa huko muda mrefu, ukumbi ukimtazama kupitia kioo akitembea huku na huku. Aliporudi, tabasamu lilikuwa limepungua. Kampuni imekubali nembo ibaki kama ilivyo, jogoo na vyote. Imekubali hata jina lake liandikwe kwa rangi nyeupe, bila boksi la chungwa, lisipigane na bluu. Lakini mkataba sasa ni wa msimu mmoja, si mitatu. Basi jipya limesubirishwa. Na wana ombi moja: siku ya Mnyoosho nao waweke meza yao pale getini, na pasi zao. “Tutaangalia mashabiki wanatupokeaje,” akasema. “Tukiona wanatupokea, tutarudi kuzungumza miaka miwili mingine. Na basi.”

Mwenyekiti alimtazama Mama Kola. Mama akasema, “Geti ni pana.”

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka jezi ofisi ya ligi hakulala mtu mwingine kwa raha kama yeye. Alizibandika nembo zote siku moja kabla, nyuzi mia moja thelathini, sekunde kumi na mbili, jogoo baada ya jogoo, akiimba. Ofisi ya ligi wakapima kwa rula yao, wakapitisha.

Na siku yenyewe ikafika. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Upande wa kulia wa geti palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha chungwa na pasi sita za umeme, nyaya zimepita juu ya uzio hadi kwenye jenereta. Wasichana wenye fulana safi walikuwa wakimkaribisha kila mtu. Ukipigiwa pasi pale, unapewa kofia ya bure, nzuri, ya kitambaa kizito. Bwana Tai alisimama pembeni na simu yake, anapiga picha za foleni.

Upande wa kushoto palikuwa na meza moja ya mbao, kitambaa cha pamba, ndoo ya maji, na Mama Kola anapepea mkaa kwa kifuniko cha boksi. Binti yake alikuwa kati ya meza mbili, kazi yake inamtaka kote kuwili, anaangalia huku, anaangalia kule. Nahodha alivua jezi akaja kushoto, kama kawaida. Wakati pasi inapita, akamnong'oneza: “Mama, mechi ijayo ni mbali. Saa tisa. Goti langu hili…”

“Nalijua goti lako, baba,” Mama akasema. “Mimi ndiye ninayelifunga bendeji.” Akainua pasi. “Ilaze kola.”

Tarumbeta akapuliza tarumbeta lake, watu wakaanza kusogea. Wengi walifika hadi katikati ya geti, wakasimama. Kulia kofia, jenereta, na pengine basi. Kushoto moshi, na mwanamke mfupi aliyekuwa ameshatandika kitambaa na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Mwenye jezi alete! Pasi hii haisubiri umeme!”

Nami nilisimama pale katikati, jezi yangu ya zamani begani. Nilikwenda nilikokwenda, hilo niachie mwenyewe. Lakini wewe uliyenisikiliza hadi hapa, ambaye umelijua goti la nahodha na umeliona lile basi la mlango wa mkanda: ungekuwa pale na jezi yako mkononi, Bwana Tai ameinua simu yake anakuhesabu, ungepanga foleni ipi?